Duka Linauza, Pesa Haionekani

Mwanzoni mwa Juni 2006, maduka ya Uchumi nchini Kenya yalifunga milango. Hili halikuwa duka la uchochoroni. Lilianzishwa mwaka 1975 kwa fedha za mashirika ya umma, hisa zake ziliuzwa katika soko la Nairobi, na kwa miaka mingi jina lake lilikuwa karibu sawa na neno supamaketi. Siku za mwisho rafu zilikuwa nyeupe. Wazalishaji waliokuwa hawajalipwa walishaacha kuleta mzigo, na mteja aliyefuata mkate, maziwa na sukari alikuta labda mkate peke yake, kesho yake akaenda kwingine.

Wiki chache baadaye, Julai mwaka huohuo, matawi yalianza kufunguliwa tena. Serikali ya Kenya ilitoa mkopo, mabenki na wazalishaji wakakaa mezani, madeni ya zamani yakapangiwa utaratibu wake ili mzigo mpya uanze kuingia, na kampuni ikawekwa mikononi mwa msimamizi wa ufilisi. Matawi yasiyojilipa yaliachwa. Usimamizi huo ulikoma mwaka 2010, na Mei 2011 hisa zikarudi sokoni. Kisha Uchumi ikaanza tena kutanuka, mpaka Uganda na Tanzania. Kufikia katikati ya 2015 wakubwa wake walikuwa wameondolewa, wazalishaji wanadai, na Oktoba mwaka huo matawi ya Tanzania na Uganda yakafungwa.

Kwa mwenye duka la mtaani, hadithi hiyo ina jambo moja la kuangaliwa kwa makini. Kampuni ileile, yenye jina lilelile na wateja walewale, ilisimama pale ilipopunguza mzigo wa gharama na kujua kila tawi linaingiza nini. Ilianguka tena wakati wa kutanuka. Nakumatt nayo, iliyonunua maduka ya Shoprite nchini Tanzania mwaka 2014 ikiwa katika kilele cha upanuzi wake, ilikuwa chini ya msimamizi wa mahakama Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wakapiga kura ivunjwe. Mauzo hayakuwa tatizo lao la kwanza, na mara nyingi siyo tatizo la kwanza la duka la Mangi pia. Ila mwenye duka anapoona hali mbaya, jambo la kwanza analotafuta ni mtaji. Anakwenda kukopa, anajaza rafu, anafurahi wiki tatu, na baada ya miezi miwili yuko palepale, safari hii akiwa na marejesho juu.

Tuchukue duka la mfano. Ni fremu moja ya vyakula na mahitaji ya nyumbani huko Mbagala, Dar es Salaam, la mama mmoja na msaidizi wake. Duka hili limeundwa kwa ajili ya makala haya na hesabu zake zimewekwa ziwe rahisi kufuatika, lakini matatizo yake yatatambuliwa na yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya kaunta.

Hesabu ya kichwani

Mama anauza shilingi milioni 8 kwa mwezi, wastani wa laki mbili na sitini na kitu kwa siku. Akiulizwa faida yake, anajibu bila kusita: asilimia 15. Maana yake laki 12 kwa mwezi. Gharama za duka ni laki 6: kodi ya fremu 200,000, msaidizi 150,000, umeme wa Luku 70,000, usafiri wa mzigo 80,000, na kodi ya TRA kama ilivyokadiriwa pamoja na leseni, ulinzi na taka, ambavyo vikigawanywa kwa mwezi vinafika 100,000. Nyumbani huchukua shilingi 10,000 kila siku, yaani laki 3. Kuna mkopo wa kausha damu wa marejesho ya 150,000 kwa mwezi, umebaki na miezi 6. Kwa hesabu hiyo ya kichwani, lazima kila mwezi ibaki 150,000.

Haibaki. Badala yake deni la duka la jumla limefika 600,000 na linapanda, na rafu za juu zimeanza kupangwa bidhaa safu moja ya mbele ili zionekane zimejaa.

Kosa la kwanza limo ndani ya ile asilimia 15. Mama anapanga bei kwa kuongeza asilimia 15 juu ya bei ya kununulia: kilichonunuliwa 1,000 kinauzwa 1,150. Lakini faida ya shilingi 150 katika mauzo ya 1,150 ni asilimia 13 tu ya pesa iliyoingia kwenye droo. Mtu anayekokotoa asilimia juu ya manunuzi kisha akaizidisha na mauzo anajipa faida ambayo haipo. Halafu bidhaa zinazotoka kwa wingi, sukari, unga, mafuta ya kula, soda, haziongezwi hata hiyo 15, kwa sababu bei yake inajulikana mtaa mzima na jirani anauza vilevile. Ukichukua bei halisi za kununua na kuuza, na wingi wa kila bidhaa inayotoka, duka hili lingetakiwa kupata asilimia 12 ya mauzo, yaani 960,000. Tayari 240,000 zimeyeyuka na hakuna aliyeiba chochote.

Usiku wa kuhesabu

Namna ya kujua faida halisi ni moja tu, nayo inachosha: kuhesabu mali yote iliyomo dukani mara mbili, kwa mwezi mmoja kupita katikati. Hufanywa usiku baada ya kufunga au alfajiri kabla ya kufungua, ili mzigo usitoke wakati unahesabiwa. Mmoja anahesabu kwa sauti, mwingine anaandika. Kila kitu kinaandikwa kwa bei ya kununulia, si ya kuuzia, na gunia lililofunguliwa hupimwa kwenye mizani. Kukadiria kwa macho kunaharibu kazi nzima. Kilichooza na kilichopita muda wake wa matumizi kinaandikwa kwenye ukurasa wake, kwa sababu hicho si mali tena. Katikati ya hesabu hizo mbili, kila risiti ya manunuzi inatunzwa na kila mauzo ya siku yanaandikwa, yakiwemo ya mkopo na yaliyolipwa kwa simu.

Baada ya hapo hesabu ni fupi. Mzigo wa mwanzo, jumlisha manunuzi, toa mzigo wa mwisho, unapata gharama ya mali iliyotoka. Katika duka letu mzigo wa mwanzo ulikuwa 5,600,000, manunuzi 7,200,000, mzigo wa mwisho 5,500,000. Mali iliyotoka iligharimu 7,300,000. Mauzo ni 8,000,000. Faida kabla ya gharama ni 700,000, chini kidogo ya asilimia 9.

Bei zilisema 960,000, hesabu ya mali inasema 700,000. Hizo 260,000 katikati ni mali iliyotoka dukani bila pesa yake kuingia, na ndizo zinazotakiwa kutafutwa moja moja.

Watu wengi hapa humtazama msaidizi. Huenda ikawa yeye, lakini ni busara kumfikia mwisho. Sehemu kubwa zaidi katika maduka ya namna hii hutoka na mwenyewe: kilo mbili za unga jioni, lita ya mafuta, sabuni, soda ya mgeni, biskuti za watoto. Hakuna anayeandika, kwa kuwa ni mali ya mtu mwenyewe. Mama akiweka daftari kando ya mlango wa ndani kwa mwezi mmoja tu, anagundua kuwa juu ya ile 10,000 ya kila siku, nyumba inakula mali ya 100,000.

Sehemu ya pili ni kupima. Gunia la sukari la kilo 50 limenunuliwa kwa 135,000 na linauzwa kwa 3,000 kila kilo. Kwenye karatasi ni faida ya 15,000. Lakini sukari huuzwa kwa robo na nusu, na mkono una huruma: kila kipimo kinazidi kidogo, chembe zinamwagika, na gunia linaishia kwenye kilo 48. Hapo 6,000 zimekwenda. Vifungashio vya gunia zima ni kama 2,000, na nauli ya kulifikisha dukani 1,500. Faida iliyobaki ni 5,500, na gunia halijalipia hata dakika moja ya kodi ya fremu. Bidhaa za kupima zote kwa pamoja, sukari, mchele, maharage, mafuta ya dumu, zinalipotezea duka hili 80,000 kwa mwezi.

Vilivyoharibika na kupita muda ni 50,000. Zinazobaki, 30,000, hazina jina: chenji iliyozidi, bei iliyosahaulika, pengine mkono wa mtu. Kama baada ya kuziba mengine yote pengo hili lisilo na jina linakua badala ya kupungua, ndipo inafaa kuuliza maswali magumu kuhusu nani anafungua droo.

Mwezi unaodanganya

Sasa hesabu inajipanga. Faida ya 700,000, toa gharama za 600,000, inabaki 100,000. Nyumba inachukua 300,000 na mkopo 150,000. Pengo ni 350,000 kila mwezi.

Kwa nini basi mama halioni pengo kubwa namna hiyo? Jibu liko kwenye kodi ya fremu. Wenye nyumba wengi jijini wanataka kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo. Miezi mitano inapita hakuna anayedai, na ile 200,000 ya kila mwezi iliyotakiwa kukaa pembeni inazungukia manunuzi kana kwamba ni faida. Kwa hiyo katika lile pengo la 350,000, laki mbili hazionekani kabisa mpaka siku ya kodi. Kinachoonekana ni 150,000 tu, ambayo kila mwezi inaongezwa kwenye deni la jumla. Siku ya kodi ikifika zinatakiwa 1,200,000 kwa wiki moja, hazipo, na mkopeshaji wa kausha damu yuko umbali wa simu moja. Ndivyo ule mkopo ulivyoingia. Haukuongeza hata paketi moja ya chumvi dukani. Ulikwenda kulipa hasara iliyokwisha kutokea, na sasa marejesho yake yanatengeneza hasara ya kipindi kijacho.

Kuna maduka ambako pesa ya uwakala wa simu nayo inaingia kwenye mchezo huu. Floti si mauzo, lakini ikikaa droo moja na mauzo itanunua sukari, na mteja akija kutoa pesa atarudishwa.

Mama angeambiwa kwamba dawa ni kuuza zaidi, angetakiwa kuuza kiasi gani? Anahitaji 1,050,000 kwa mwezi kulipia gharama, nyumba na mkopo. Kwa faida yake ya sasa ya asilimia 8.75, mauzo yangepaswa kufika milioni 12. Yaani duka lilelile, mtaa uleule, liuze nusu zaidi ya linavyouza leo. Hakuna bango wala spika ya mlangoni inayoleta wateja hao. Kwa faida ya asilimia 13 na kitu kidogo, hata hivyo, milioni 8 anazouza sasa zingemtosha. Kazi ya kuliokoa duka iko katika umbali huo mfupi kati ya asilimia 9 na 13, si katika kutafuta milioni nne za mauzo mapya.

Siku tisini

Hatua ya kwanza haigusi wateja hata kidogo. Mwenye duka anajilipa. Nyumba inapata laki 3 kwa mwezi, na unga, mafuta na sabuni vinavyochukuliwa dukani vinakatwa humohumo. Kwa maandishi ni sentensi moja. Kwa familia ni 100,000 zinazoondoka mezani, na pengine ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika mpango mzima. Mipango mingi hufia hapa, kwa sababu mume, shangazi na watoto hawakuambiwa kwamba duka ni mgonjwa. Ni bora waambiwe na waoneshwe daftari.

Pili, bidhaa za kupima zinafungwa mapema. Saa za asubuhi ambazo mteja ni mmoja mmoja, msaidizi anapima robo, nusu na kilo kwenye mizani, si kwa kikombe, na kuzipanga tayari. Mizani yenyewe iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, maana mizani inayomuibia mteja ni kosa la kisheria, na inayomuibia mwenye duka haitambuliki mpaka gunia liishe. Kila gunia linalofunguliwa linaandikwa tarehe, na likiisha pesa yake inalinganishwa na ilivyotarajiwa. Ndani ya magunia matatu mtu anajua alipo. Bidhaa zenye tarehe ya kuisha zinapangwa ya karibu mbele na ya mbali nyuma, jambo ambalo kila mwenye duka analijua na wengi hawalifanyi kwa sababu ni rahisi kuweka katoni mpya mbele. Kwa hatua hizi mbili si haba kutegemea upotevu kushuka kutoka 260,000 hadi 60,000. Haufiki sifuri, duka lisilopoteza kitu halijajengwa.

Tatu, bei. Hapa ndipo wenye maduka huogopa, na woga wao una msingi: ukipandisha sukari kwa shilingi 100, mtaa unajua kabla ya saa sita. Lakini hakuna mteja anayekumbuka bei ya kiberiti, wembe, pini, viungo vya pilau, betri au dawa ya meno ndogo katika maduka mawili tofauti. Bidhaa za namna hii ni kama milioni 2 katika mauzo ya duka letu. Shilingi 50 hapa na 100 pale, wastani wa asilimia 5, zinaleta 100,000. Sukari, unga na mafuta vinabaki vilivyo, tena vikiandikwa bei kwa herufi kubwa, kwa sababu ndivyo vinavyomleta mtu mlangoni.

Gharama zinakatwa mahali pawili tu. Safari za kwenda Kariakoo au kwa muuzaji wa jumla zinatoka nne kwa wiki hadi mbili, kwa orodha iliyoandikwa, na usafiri unashuka kwa 30,000. Friji ya pili, inayopoza maji nusu dazeni, inazimwa, na Luku inapungua 20,000. Kumwondoa msaidizi kungeokoa zaidi kwa karatasi, lakini mama akienda sokoni duka lingefungwa, na duka la mtaani lililofungwa saa nne asubuhi humfundisha mteja njia ya kwenda kwa jirani.

Jumla ya yote hayo? Faida inakuwa 1,000,000, asilimia 12.5 ya mauzo yaleyale. Mahitaji ni 550,000 za gharama, 300,000 za nyumba na 150,000 za mkopo, nayo ni 1,000,000. Inabaki sifuri. Inaweza kuonekana ni matokeo duni kwa jasho lote hilo, lakini duka lililokuwa linazama kwa 350,000 kila mwezi limeacha kuzama, na kodi ya fremu imo ndani ya hesabu, inawekwa kwenye akaunti au laini ya simu ambayo haina kazi nyingine.

Pesa iliyolala kwenye rafu

Hata hivyo, siku ya kodi iko miezi mitatu mbele, na miezi mitatu iliyopita hakuna kilichowekwa. Zinahitajika 600,000 ambazo faida ya kila mwezi haiwezi kuzitoa. Hapa ndipo ile orodha ya kuhesabia mali inapofanya kazi yake ya pili. Pitia kila mstari na uulize: hiki kilitoka lini mara ya mwisho? Katika mzigo wa 5,500,000, duka letu lina vitu vya 1,600,000 ambavyo havijaguswa kwa miezi mitatu au zaidi: ndoo na beseni, vipodozi vya aina iliyopita, madaftari yaliyonunuliwa baada ya shule kufunguliwa, maua ya plastiki. Mama anaviona ni akiba. Ukweli ni kwamba pale ndipo mtaji wake ulipo, wakati yeye anakopa mtaji wa watu.

Vinauzwa kwa hasara, na haraka, ndani ya wiki sita hadi nane. Baadhi vinapelekwa kwa machinga kwa bei ya jumla, vingine vinawekwa mezani mbele ya duka kwa bei moja, vichache muuzaji wa jumla anaweza kukubali kubadilisha. Vikileta 1,000,000, laki sita zinawekwa kwenye kodi, na pamoja na 200,000 za kila mwezi kwa miezi mitatu, zile 1,200,000 zinatimia bila kausha damu mwingine. Laki tatu zinakwenda kwa muuzaji wa jumla, nusu ya deni. Laki moja inayobaki inanunua sukari na unga, vitu vinavyozunguka mara kadhaa kwa mwezi. Kwenye daftari amepoteza 600,000. Hiyo ni bei ya kununua vibaya mwaka uliopita, na tayari ilikuwa imeshalipwa. Kilichobaki kilikuwa kukubali.

Na muuzaji wa jumla? Mama asimkimbie. Wazalishaji waliokaa na Uchumi mwaka 2006 hawakuwa na huruma kuliko wauza jumla wa Kariakoo. Walipiga hesabu kwamba duka lililofungwa halilipi kitu, na lililo wazi litanunua tena. Mdeni anayekuja mwenyewe na 300,000 mkononi, anayesema kuanzia leo mzigo mpya nalipa taslimu na deni lililobaki nitalimaliza mkopo ukiisha, kwa kawaida husikilizwa. Anayebadilisha duka la jumla kimyakimya ili akope upya kwingine hupata wiki mbili za nafuu, kisha wauza jumla wanaambiana.

Madeni ya wateja yanahitaji ukali wa aina nyingine. Katika mwezi uliohesabiwa, daftari la mikopo liliongezeka kwa 100,000, na mama aliweza kuendelea tu kwa kuwa mzigo nao ulipungua kwa kiasi hicho hicho. Kukata mikopo yote siku moja ni kufukuza wateja, kwa sababu mtaa wa vibarua na mama ntilie huishi kwa kukopa asubuhi na kulipa jioni. Kinachofaa ni kiwango: kila nyumba ina kikomo chake, anayedaiwa zaidi ya mwezi haongezewi mpaka apunguze, na hata mia tano kwa siku inapokelewa. Wapo watakaohama. Mauzo yakishuka hadi milioni 7.5 kwa faida ileile ya asilimia 12.5, pengo la kama 60,000 linarudi, na lazima lifidiwe kwenye posho ya nyumbani au kwa bidhaa mpya yenye faida nono, mathalani maji baridi na barafu. Ni vema mama alijue hilo kabla, asije akashtuka mwezi wa pili na kurudisha mambo yote nyuma.

Mkopo ukiisha mwezi wa sita, 150,000 zinaachiliwa. Miezi miwili inamaliza deni la jumla, na kuanzia hapo, kwa mara ya kwanza, duka lina pesa ya kuongeza mzigo ambayo haina riba.

Pale hesabu inapokataa

Si kila duka linapona. Mahali ambapo ujenzi wa barabara umefunga njia kwa mwaka, au kituo cha daladala kimehamishwa, au duka la jumla limefungua rejareja mlango wa pili, mauzo yenyewe yamekufa, na kupima sukari kwa uangalifu hakutayafufua. Dalili ni ya kuhesabika: baada ya siku 90, upotevu umeshazibwa, bei zimerekebishwa, na bado faida hailipi gharama za duka hata kabla mwenye duka hajajilipa shilingi. Duka la namna hiyo linakula mali yake lenyewe kila siku linapofunguliwa.

Tarehe ya kuamua ni ile ya kodi, na uamuzi ufanyike mwezi mmoja kabla, wakati pesa ya kodi iliyowekwa bado iko mkononi mwa mama na haijaingia kwa mwenye fremu. Akifunga akiwa na mzigo wa milioni tatu au nne anaweza kuuza bidhaa zinazotembea kwa wenye maduka wenzake karibu na bei ya kununulia, rafu, mizani na friji kwa anayeanza, akamlipa muuzaji wa jumla na mkopeshaji, na kubaki na kianzio cha mahali pengine. Akisubiri miezi sita zaidi atauza rafu peke yake. Aitaarifu TRA kwa maandishi kwamba biashara imefungwa, la sivyo makadirio yanaweza kuendelea kumwandama kwa duka ambalo halipo. Lipa Namba na mita ya Luku visibaki kwa jina lake kwenye fremu ya mtu mwingine. Na daftari la madeni alichukue, kwani wateja wanaodaiwa wanaishi palepale mtaani.